Kiwanda Kipo Moshi, Namba Ipo Nairobi: Kusaka Wafanyakazi, Biashara na Makao Makuu Ndani ya Ripoti ya Mwaka

Wanafunzi wa Chuo cha Uhasibu Arusha pale Njiro na wenzao wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi wanapoandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo, sura ya kwanza huwa inadai mambo matatu yaleyale: kampuni ina wafanyakazi wangapi, inafanya biashara gani hasa, na makao makuu yake yako wapi. Ni maswali yanayoonekana ya dakika tano. Mtu anaandika jina la kampuni kwenye simu, anachukua namba ya kwanza inayotokea, anasonga mbele. Namba hiyo mara nyingi si ya uongo. Shida ni kwamba ni ya kampuni nyingine, au ya mwaka mwingine, au imehesabu watu wa aina nyingine.

Ripoti ya mwaka iliyokaguliwa inayajibu maswali yote matatu, ila kila jibu limekaa mahali pake na lina masharti yake. Tuchukue kiwanda cha bia cha Serengeti kilichopo Moshi, kwa sababu ndani yake mitego karibu yote imo.

Swali la kwanza ni hili: ripoti ya nani? Kiwanda si kampuni. Kiwanda cha Moshi ni mali ya Serengeti Breweries Limited, ambayo ina viwanda vingine Dar es Salaam na Mwanza, na ofisi yake kuu iko Dar es Salaam. Kampuni hiyo haijaorodheshwa kwenye soko la hisa, kwa hiyo usitegemee kukuta ripoti yake nene ya rangi mtandaoni. Juu yake ipo East African Breweries ya Nairobi, EABL kwa kifupi, iliyoanza kuimiliki mwaka 2010 kwa kununua hisa nyingi. EABL imeorodheshwa Nairobi, Kampala na hata Soko la Hisa la Dar es Salaam, na hiyo ndiyo inayotoa ripoti ya mwaka kwa umma. Ukipanda ngazi nyingine, ripoti za EABL za hadi Juni 2025 zinamtaja mzazi wa mwisho kuwa Diageo plc ya Uingereza, ambayo ilifikisha asilimia 65 ya hisa mwaka 2023.

Kwa hiyo swali la wafanyakazi wa bia ya Serengeti lina majibu manne halali: wa kiwanda, wa kampuni ya Tanzania, wa kundi zima la Nairobi, na wa dunia nzima, ambako Diageo ina watu wapatao 30,000. Anayeandika 30,000 chini ya kichwa cha habari kinachosema Moshi hajasema uongo kuhusu Diageo, lakini Moshi ameijaza watu isiokuwa nao.

Mnyororo huu huna haja ya kuuotea. Umeandikwa ndani ya ripoti zenyewe, pande zote mbili. Kwenye ripoti ya kampuni mama kuna ukurasa wa maelezo ya hesabu unaoorodhesha kampuni tanzu: jina, nchi iliposajiliwa na asilimia inayomilikiwa. Kwenye ripoti ya kampuni tanzu, kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 1 kinadai itajwe kampuni mama na mzazi wa mwisho wa kundi. Anza hapo. Chora mistari mitatu kwenye karatasi, andika jina la kila ngazi, kisha amua unataka namba ya ngazi ipi kabla hujatafuta namba yoyote.

Hapo hapo kuna kamtego kadogo. Jina kuwepo kwenye orodha ya kampuni tanzu haimaanishi kuna watu wanaofanya kazi. Wazee wa Moshi wanaikumbuka Kibo Breweries, iliyoacha kupika bia baada ya makubaliano ya mwaka 2002 kati ya wenye viwanda wa Kenya na wa Tanzania. Jina lake liliendelea kuonekana kwenye orodha ya kampuni tanzu za Tanzania Breweries, yaani TBL, kwa miaka mingi baadaye.

Sasa faili lenyewe. Ripoti inapatikana kwenye tovuti ya kampuni, sehemu ya wawekezaji, au kwenye tovuti ya soko la hisa. Hakikisha umepakua ripoti kamili, si muhtasari wa kurasa mbili unaochapishwa gazetini mara matokeo yanapotoka. Muhtasari huwa na mapato na faida, lakini maelezo ya hesabu hayamo, na majibu yako matatu yanaishi kwenye maelezo. Angalia pia mwaka wa fedha unaishia lini. TBL hufunga hesabu tarehe 31 Desemba, EABL tarehe 30 Juni. Ukiweka namba zao sambamba ukaziita za 2024, umelinganisha vipindi viwili vilivyopishana miezi sita.

Ripoti zenyewe kwa kawaida zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya kutafuta ndani ya PDF ni ya Kiingereza. Haya ndiyo yanayofika mbali zaidi:

```
gender parity
number of employees
employee benefits expense
segment
principal activities
registered office
ultimate parent
```

Ukitafuta usipate kitu hata kimoja, usiseme haimo. Jaribu kwanza kutafuta neno `the`. Likikosekana nalo, basi faili ni picha za kurasa zilizopigwa skana, na kompyuta haioni herufi ndani yake. Itabidi upekue kwa macho kuanzia jedwali la yaliyomo. Na hata kwenye faili lisilo la skana, neno lililokatwa mwishoni mwa mstari kwa kistari halikamatwi, kwa hiyo tafuta `employ` badala ya neno zima.

Tuje kwenye wafanyakazi, ambako ndiko kwenye vurugu kubwa.

Watu wengi hudhani sheria za uhasibu zinalazimisha idadi itajwe. Zamani ilikuwa hivyo: IAS 1 ya mwaka 1997 ilitaka idadi ya mwisho wa mwaka au wastani wa mwaka. Marekebisho ya 2003 yakaliondoa sharti hilo. Kilichobaki kimataifa ni gharama za wafanyakazi kwa shilingi, si vichwa vyao. Kuanzia hapo idadi inategemea sheria na mazoea ya kila nchi, na ndiyo maana huikuti mahali pamoja katika kila ripoti.

Kwa kampuni za Tanzania kuna njia ya mkato ambayo wasomaji wa ripoti wenye uzoefu huanza nayo. Ripoti ya wakurugenzi, ambayo kwa mujibu wa kiwango cha bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, NBAA, sasa inaitwa ripoti ya waliokabidhiwa usimamizi, huwa na sehemu ya ustawi wa wafanyakazi. Utakuta mafunzo, matibabu, usalama kazini, watu wenye ulemavu, michango ya mifuko ya hifadhi ya jamii, na mwishoni aya fupi ya usawa wa jinsia. Aya hiyo ndiyo yenye namba: kufikia siku ya mwisho wa mwaka kampuni ilikuwa na wafanyakazi kadhaa, kati yao wanawake kadhaa na wanaume kadhaa, na mwaka uliotangulia ilikuwa hivi. Lengo lake ni jinsia, lakini jumla ya pale ndiyo idadi rasmi uliyokuwa unaitafuta. Ndiyo maana neno la kwanza kwenye orodha ile ya kutafuta ni `gender parity`.

Benki zina mlango wa pili ulio rahisi zaidi. Taarifa zao za robo mwaka zinazochapishwa magazetini kwa matakwa ya sheria ya mabenki zina mstari wa idadi ya wafanyakazi na mwingine wa idadi ya matawi, karibu na mwisho wa jedwali la mapato na matumizi. Kwa hiyo kwa benki yoyote yenye tawi Barabara ya Sokoine unaweza kupata idadi iliyo mpya kuliko ya ripoti ya mwaka. Kumbuka tu kuandika tarehe ya robo hiyo.

Uingereza hali ni tofauti. Sheria yao ya makampuni ya 2006 inataka wastani: unajumlisha idadi ya kila mwezi, unagawa kwa miezi ya mwaka wa fedha. Tofauti ya wastani na idadi ya mwisho wa mwaka si ya kupuuza kwenye mikoa yetu ya mashamba. Tuchukue shamba la maua la kubuni nje ya Arusha lenye watu 800 kwa miezi tisa na 1,400 kwa miezi mitatu ya msimu. Wastani ni 7,200 kujumlisha 4,200, gawa kwa 12, sawa na 950. Hesabu zikifungwa katikati ya msimu, ripoti inayohesabu siku ya mwisho itasema 1,400. Namba zote mbili ni sahihi, na zinapishana kwa watu 450.

Kampuni nyingine, hasa za Ulaya, hazihesabu vichwa bali ujazo wa kazi: watu wawili wanaofanya nusu siku wanaandikwa mmoja. Utalitambua hilo kwa herufi `FTE` juu ya jedwali. Ukiziona, usiandike kwamba kampuni ina watu hao. Andika kwamba ni sawa na wafanyakazi hao wa muda wote.

Halafu kuna swali la nani anahesabiwa. Ukisimama nje ya lango la kiwanda zamu inapobadilika utaona walinzi, wapakia mizigo, madereva wa malori, akina mama wa kantini, mafundi wa mitambo. Wengi wa hao wameajiriwa na kampuni za ulinzi, na wasafirishaji, na wakala wa kuleta vibarua. Mshahara wao ni ankara ya huduma kwenye vitabu vya kiwanda, si gharama ya wafanyakazi, kwa hiyo hawamo kwenye idadi. Ripoti nzuri inatenganisha wa kudumu, wa mkataba wa muda na vibarua. Ripoti isiyotenganisha inakuachia kazi ya kusoma sentensi polepole. Na zile kurasa za mbele zenye picha, zinazosema kampuni inagusa maisha ya maelfu, zinachanganya wakulima wa shayiri, wenye baa na wasambazaji. Kurasa hizo zisome kwa raha, ila usichukue namba huko.

Kuna kipimo kimoja cha kujua kama umeshika namba isiyo yake, na kinachukua dakika moja. Chukua gharama za wafanyakazi kutoka kwenye maelezo ya hesabu, gawa kwa idadi. Mfano wa kubuni: kundi la kampuni lina gharama za wafanyakazi za Sh bilioni 36.3. Kwenye aya ya jinsia mwisho wa mwaka kuna watu 1,240, mwaka uliopita 1,180. Wastani ni 1,210. Gawa: Sh milioni 30 kwa mtu kwa mwaka, yaani milioni 2.5 kwa mwezi, pamoja na michango ya hifadhi ya jamii, bima na mafunzo. Kwa kampuni kubwa inaelekea.

Sasa tuseme ulichukua idadi kutoka aya inayohusu kampuni peke yake, watu 726, huku gharama ukiitoa kwenye safu ya kundi. Jibu linakuwa Sh milioni 50 kwa mtu. Kuruka kwa namna hiyo ndiyo dalili. Ripoti za makundi huwa na safu mbili sambamba, moja ya kundi na nyingine ya kampuni, na mtu anayesoma kwa haraka kwenye simu huona moja tu kwa sababu nyingine imefichwa upande wa kulia wa skrini. Geuza simu ilale, au bora tumia kompyuta.

Sehemu za biashara nazo zina mantiki yake. Kiwango kinachohusika ni IFRS 8, kilichoanza kutumika Januari 2009, na kinazibana kampuni ambazo hisa au hatifungani zao zinauzwa sokoni. Kampuni binafsi haidaiwi. Ndiyo sababu utahangaika bure kutafuta jedwali hilo kwa wazalishaji wengi wakubwa wa Arusha na Moshi: si kwamba wanaficha, hawamo kwenye orodha ya wanaodaiwa. Kwa hao utabaki na aya ya shughuli kuu.

Wazo la IFRS 8 ni kwamba msomaji aione biashara kama viongozi wa kampuni wanavyoiona wanapogawa fedha. Mkurugenzi mkuu akiletewa kila mwezi taarifa zilizogawanywa kwa nchi, sehemu zitakuwa nchi. Akiletewa kwa bidhaa, zitakuwa bidhaa. Kwa hiyo usifungue ripoti ukiwa umeshaamua kwamba sehemu lazima ziwe bia nyeupe, bia nyeusi na pombe kali. EABL inagawa kwa nchi: Kenya, Uganda, Tanzania. Majina ya bia unayoyaona kwenye mabango ya Moshi hayana safu yao kwenye jedwali hilo, na Moshi yenyewe haina. Imemezwa na safu ya Tanzania pamoja na Mwanza na Dar es Salaam. Ukipanda kwa Diageo, Tanzania nayo inamezwa, inabaki Afrika. Huko AB InBev, kundi linaloimiliki TBL tangu lilipoinunua SABMiller mwaka 2016, kiwanda cha Arusha kimo ndani ya sehemu moja inayobeba Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika.

Kwenye safu hiyo ya Tanzania kuna jambo linalowaangusha wengi. Ripoti ya EABL imeandikwa kwa shilingi, lakini ni shilingi za Kenya, na shilingi moja ya Kenya ni karibu 20 za kwetu. Mtu akiona neno shilingi na neno Tanzania kwenye safu moja, mkono unaandika wenyewe. Angalia juu ya jedwali: sarafu gani, na ni kwa maelfu au kwa mamilioni.

Si kila shughuli inapata safu yake. Kwa ujumla sehemu huonyeshwa peke yake ikifikisha asilimia 10 ya mapato yote ya sehemu, au ya faida au hasara, au ya mali. Ndogo zaidi zinaweza kutupwa kwenye safu ya nyinginezo, mradi zilizoonyeshwa zibebe angalau asilimia 75 ya mapato yanayotoka kwa wateja wa nje. Kwa hiyo biashara inayofahamika sana mtaani inaweza kukosekana kabisa kwenye jedwali, na hilo si kosa la mchapishaji.

Ukitaka kusema sehemu fulani ni asilimia ngapi ya kampuni, tazama mauzo ya ndani kwa ndani. Tuseme sehemu tatu zina mapato ya 620, 250 na 130, jumla 1,000. Chini kuna mstari wa kuondoa 40, kwa sababu sehemu ya kwanza iliiuzia ya pili kimea au chupa. Mapato halisi ya kundi ni 960. Ukigawa 620 kwa 960 unapata karibu asilimia 65, ambayo si sahihi, maana juu umeweka mauzo ya ndani na chini umeyatoa. Tumia mstari wa mapato kutoka kwa wateja wa nje: 580 kwa 960, karibu asilimia 60. Jumla ya asilimia zako zikizidi mia, hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Na ukilinganisha miaka, namba ya mwaka jana itoe kwenye ripoti ya mwaka huu, usiitoe kwenye ile ya mwaka jana. Kampuni inapopanga upya sehemu zake hutakiwa kuzipanga upya na za mwaka uliotangulia, ili safu mbili zifanane. Ripoti ya zamani imebaki na mpangilio wa zamani.

Makao makuu yanaonekana mepesi kuliko yote, na kwa kampuni ya kawaida ni kweli. Ukurasa wa taarifa za kampuni, aghalabu mwanzoni au mwishoni kabisa, una anwani, wakaguzi, mabenki na katibu wa kampuni. TBL wameandika Mtaa wa Uhuru, Mchikichini, Ilala, Dar es Salaam. Umemaliza.

Linakuwa gumu pale ofisi iliyosajiliwa na ofisi inakofanyika kazi zinapotengana. Ofisi iliyosajiliwa ni anwani ya kisheria: ndiko barua za mahakama na za msajili zinakopelekwa. IAS 1 inataka itajwe nchi kampuni ilikosajiliwa, anwani ya ofisi iliyosajiliwa, na mahali pakuu pa biashara kama ni pengine. Wewe unayetafuta makao makuu kwa kawaida unataka hiyo ya mwisho, yaani wanakokaa wakubwa. AB InBev ni mfano mzuri: ofisi yake iliyosajiliwa ni namba 1 pale Grand-Place, Brussels, lakini makao makuu yake ya kazi yako Leuven, mji mwingine wa Ubelgiji. Ukinakili mstari wa kwanza unaouona utakuwa na anwani ya kweli iliyo jibu la swali jingine.

Karibu na nyumbani kuna mfano mkali zaidi. Kampuni ya TanzaniteOne, iliyochimba madini Mererani na ambayo watu wa Arusha waliiona kama ya hapa hapa, ilikuwa chini ya kampuni mama iliyouza hisa zake London na kusajiliwa Bermuda, kisiwa kilicho Atlantiki. Mtu akisema makao makuu ni Bermuda kwa kuwa ndivyo ukurasa wa usajili ulivyosema, anapeleka wasomaji kisiwani ambako hakuna shimo hata moja la tanzanite.

Vitu vingine viwili huvaa sura ya makao makuu bila kuwa hayo. Kimoja ni mahali pa mkutano mkuu wa wanahisa. CRDB imekuwa ikiwakusanya wanahisa wake AICC Arusha mwezi Mei, na taarifa ya mkutano yenye anwani ya AICC huwa inasambazwa pamoja na ripoti, lakini makao makuu ya benki yako Dar es Salaam. Kingine ni historia. Precision Air ilianzia Arusha miaka ya mwanzo ya 1990, na simulizi hiyo huelezwa kwa fahari. Ofisi kuu siku hizi iko Dar es Salaam. Aya ya historia inasema ilikoanzia, ukurasa wa taarifa za kampuni unasema iliko.

Turudi sasa Moshi. Tumeshapata nini? Makao makuu: ya Serengeti Breweries ni Dar es Salaam, ya kundi ni Nairobi. Biashara: kundi linatengeneza na kuuza bia na pombe kali, na linajigawa kwa nchi tatu, kiwanda chetu kikiwa ndani ya Tanzania. Wafanyakazi: ripoti ya EABL inakupa wa kundi. Ukishuka hapo, hesabu za Serengeti Breweries yenyewe ndizo zingekuwa na aya ile ya jinsia, na kwa kampuni isiyoorodheshwa njia ya kuzipata ni kuiomba kampuni, au kutafuta kilichowasilishwa kwa msajili wa makampuni, BRELA, pamoja na taarifa yake ya kila mwaka kwa kulipia ada ya upekuzi. Hata hizo zitakupa watu wa viwanda vitatu kwa pamoja.

Idadi ya Moshi peke yake haimo kwenye kitabu chochote kati ya hivyo, na hakuna hesabu ya kuipata humo. Kugawa jumla kwa viwanda vitatu ni kubahatisha, kwa sababu Dar es Salaam kuna ofisi kuu, mauzo na fedha, watu ambao Moshi na Mwanza hawana kwa wingi huo. Namba hiyo inatoka kwa ofisi ya rasilimali watu ya kiwanda, kwa barua, na kwenye ripoti yako iandikwe hivyo: chanzo ni barua ya kiwanda, tarehe fulani, wa kudumu wangapi, wa mkataba wangapi. Zile za ripoti ya mwaka nazo ziandikwe kwa mstari mmoja wenye kila kitu, kwa mfano: wafanyakazi 1,240, kundi zima, wa kudumu na wa mkataba, kufikia 31 Desemba, ukurasa wa 47. Msimamizi wako akifungua ukurasa wa 47 akaikuta, hana swali la pili.